Kabla ya kung'oa meno ya mzee, familia ihesabu kwanza dawa anazomeza

GOMA – Katika nyumba nyingi za Goma zinazopokea watu waliokimbia vita, kuna mzee mmoja anayelalamika kwamba kinywa chake kimekauka. Usiku anaamka ulimi umegandamana na paa la kinywa. Mchana hawezi kumeza ugali bila kuteremsha na maji. Watoto wake wanamjibu kwamba ni uzee. Jibu hilo ni la haraka, na mara nyingi si la kweli. Mzee mwenye afya nzuri bado anakuwa na mate ya kutosha. Kinachoyakausha, kwa wazee wengi, ni dawa wanazomeza, hasa zinapokuwa mbili, tatu au nne kwa siku moja.

Mfano ni wa mama mzee mmoja wa miaka 68, aliyetoka Masisi na ambaye sasa anaishi kwa mtoto wake wa kiume katika mtaa wa Ndosho. Kabla ya kukimbia alikuwa na kadi ya kituo cha afya iliyoandikwa dawa zake zote. Kadi ilibaki nyumbani. Tangu hapo, kila anayemtibu anaanza upya. Kituo cha afya kimoja kilimpa dawa ya tansio, hidroklorotiazidi, ambayo inatoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Muganga mwingine, alipoona miguu inamwaka moto usiku na hapati usingizi, alimwandikia amitriptilini. Kisha kuna vidonge vidogo vya klorofeniramini, ambavyo mke wa mwanawe alivinunua famasia wakati wa mafua. Mafua yalipona, lakini vidonge viliendelea, kwa sababu vilimsaidia kulala.

Dawa hizi tatu hazikuandikwa na mtu mmoja, na hakuna aliyeziona pamoja. Kila moja ina kazi yake. Lakini amitriptilini na klorofeniramini, zote mbili, zinazuia ujumbe wa neva unaoamuru tezi kutoa mate. Ile ya tansio nayo inapunguza maji mwilini. Zikikutana ndani ya mtu mmoja, ukavu wa moja unaongezwa na wa nyingine. Na mama huyo alikuwa na sababu nyingine ya kutokunywa maji: choo kiko mbali na nyumba, usiku kuna giza, na dawa ya tansio alikuwa anaimeza jioni pamoja na zingine. Ili asitoke nje usiku, tangu saa kumi ya mchana hakugusa tena kikombe.

Mate si maji tu ya kulainisha chakula. Kila mtu akila kitu chenye sukari, vijidudu vya kinywani vinageuza sukari ile kuwa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Mate yanaiosha asidi, yanaipunguza nguvu, na yanarudishia jino madini liliyopoteza. Katika kinywa chenye mate, kazi hiyo inachukua kama nusu saa. Katika kinywa kikavu inachukua muda mrefu zaidi, na kama mtu anarudia sukari kila mara, jino halipati nafasi ya kupumua.

Hapa ndipo kosa kubwa linapoingia, nalo linafanywa kwa mapenzi mema. Ili mama yao asikaukiwe, watoto walimnunulia bombo. Alikuwa ananyonya kama nane kwa siku, moja baada ya nyingine, na juu ya hizo vikombe vinne vya chai yenye sukari. Hiyo ni mara kumi na mbili. Hata kama kila mara ingekuwa nusu saa tu ya asidi, ni saa sita kwa siku ambazo meno yanalowa ndani ya asidi. Bombo inaleta mate kidogo kwa dakika chache, kisha inaacha sukari yake kwenye kinywa ambacho hakina cha kuiosha.

Kuoza kwa namna hii kuna alama zake. Kwa mtoto, jino linatoboka mara nyingi juu, pale anapotafunia. Kwa mzee mwenye kinywa kikavu, linaoza shingoni, karibu na ufizi. Ufizi wa mzee umeshuka na mzizi umebaki nje. Mzizi hauna lile ganda gumu linalofunika jino, hivyo asidi dhaifu tu inatosha kuulainisha. Kunatokea mstari wa rangi ya kahawia unaozunguka jino kama pete. Mara nyingi hakuna maumivu. Siku moja mzee anatafuna maharagi tu, jino linakatika kwenye ufizi, na familia inadhani alipiga jiwe.

Mama huyo alikuwa na meno ya bandia ya juu, yenye vyuma vidogo vinavyoshika meno mawili yaliyobaki kila upande. Meno yanayoshikwa na vyuma ndiyo yanayoharibika kwanza, kwa sababu uchafu unajificha chini ya chuma. Yakikatika, meno ya bandia hayana tena pa kujishikilia. Na hata sahani yenyewe, ile inayolala kwenye paa la kinywa, inahitaji mate. Vioo viwili vikilowa maji na kulazwa pamoja, vinashikana. Vikiwa vikavu vinateleza. Sahani ya meno nayo inashikwa na utando mwembamba wa mate. Utando ukikosekana, sahani inaanguka mtu akiongea, inasugua, na inatoa vidonda.

Kwa hiyo mama huyo akaacha kula nyama, kisha maharagi, akabaki na uji na chai. Alipoombewa ushauri, familia iliambiwa kwamba meno ya bandia yamezeeka, itengenezwe seti mpya. Watoto wakaanza kutafuta pesa. Huo ndio ushauri unaopaswa kupingwa waziwazi hapa mjini. Seti mpya ndani ya kinywa kile kile kikavu itateleza kama ya kwanza, na familia iliyopoteza mashamba na mifugo itakuwa imelipa bure.

Kilichosaidia kilianza na mfuko wa plastiki. Muuguzi mmoja alimwomba mke wa mwanawe alete dawa zote zilizomo nyumbani, hata zile za sokoni na zile zisizo na karatasi. Alizipanga mezani. Kisha akamwomba mama akae ametulia, bila kutafuna wala kuongea, na kwa dakika 15 ateme katika kikombe safi kila mate yaliyokusanyika. Povu lilipotulia, aliyavuta kwa sindano isiyo na ncha na kusoma kipimo: mililita 1. Chini ya mililita 1 na nusu kwa dakika hizo, kinywa kinahesabiwa kuwa kikavu kweli. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine. Muuguzi alipima pia sukari ya damu, maana kiu nyingi na kinywa kikavu vinaweza kuwa dalili za kisukari, na hapo lawama isingekuwa ya vidonge peke yake. Sukari ilikuwa sawa.

Daktari wa kituo aliamua mambo matatu. Klorofeniramini iliachwa, kwa sababu mafua yaliisha zamani. Amitriptilini ilipunguzwa hatua kwa hatua mpaka kiasi kidogo ambacho bado kinatuliza miguu. Dawa ya tansio iliendelea, lakini ikahamishiwa asubuhi, ili mkojo mwingi uishe mchana na mama aweze kunywa maji jioni bila hofu ya giza. Hakuna aliyemwambia aache dawa mwenyewe, na hapa familia zisikosee. Anayekata dawa ya tansio kwa hasira ya kinywa kikavu anaweza kupata kiharusi. Anayekata amitriptilini kwa ghafla anaweza kukosa usingizi na kusikia kichefuchefu. Dawa inaondolewa na yule anayejua kwa nini iliwekwa.

Bombo zilikatazwa. Badala yake mama anaweka karibu kikombe cha maji safi na kulowesha kinywa mara kwa mara, funda dogo dogo. Chai anakunywa pamoja na chakula, si kutwa nzima. Ndimu, ambayo wengi wanaishauri kwa kuleta mate, nayo ni asidi na inachoma mizizi. Mkaa wa kusugulia meno unakwangua mzizi ulio laini. Anapiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, anatema povu, na hasuuzi kwa maji, ili floridi ibaki kwenye jino.

Chini ya sahani, paa la kinywa lilikuwa jekundu kwa umbo lile lile la sahani, na pembe za midomo zimepasuka. Hiyo ni fangasi, inayopenda kinywa kikavu na meno ya bandia yasiyotolewa usiku. Alipewa nistatini ya kushika kinywani kabla ya kumeza, na akafundishwa kutoa meno kila usiku, kuyasugua kwa brashi na sabuni, na kuyalaza ndani ya maji safi. Fangasi ilipoisha, ndipo dentisti alipofanya kazi yake: alitoa mizizi miwili iliyokatika, akaziba meno matatu, na akarekebisha ile ile sahani ya zamani. Wiki sita baadaye kikombe kilionyesha mililita 2. Si mate ya ujana, na usiku bado anaamka kulowesha ulimi. Lakini anakula sombe na maharagi.

Wauguzi watasema kwamba foleni ni ndefu na hawana muda wa kuangalia kinywa cha kila mzee. Ni kweli foleni ni ndefu. Lakini kuuliza «Unameza dawa gani zingine?» na «Unaweza kumeza mkate bila maji?» hakumalizi dakika moja. Kugusisha kijiti cha kubania ulimi kwenye shavu na kuona kama kinanasa ni sekunde chache. Anayetoa dawa ya nne bila kujua zile tatu hajaokoa muda. Amepeleka kazi kwa dentisti na gharama kwa familia.

Familia nazo zina sehemu yao. Kadi zilibaki vijijini, na nyingi hazitarudi. Katika kila nyumba kuna mtoto anayejua kuandika. Aandike kwenye karatasi moja majina ya dawa zote za nyanya au babu yake, saa anazomeza, na nani aliyezitoa. Karatasi hiyo iingie katika mfuko mmoja na dawa zenyewe, na mfuko uende na mzee kila anapokwenda kutibiwa, hata kama safari ni ya jino tu.