Masaa 48 ya kuokoa video yetu

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama na batoto mu nyumba, ndani ya sendika yetu tulijifunza jambo moja kwa uchungu. Tunataka mulijue mbele haijawapata.

Tulipiga video ya dakika 11 mbele ya mulango wa kompani moja, siku wajurnalie walikuwa wanadai mushahara wao. Tuliiweka kwa YouTube. Kisha wiki moja, siku ya tano saa mbili ya mangaribi, imeli iliingia: mutu mumoja analalamika kama video inatoa siri yake, kuanzia dakika ya 4. Tuko na masaa 48. Hakuna aliyeisoma mpaka siku ya yenga saa sita ya muchana, kisha misa. Yalibakia masaa munane tu.

Wengi wetu walisema mara moja: «Njo kompani inataka kutufunga kinywa! Tusiguse kitu.» Hapo tulikuwa karibu kuanguka. Malalamiko ya namna hii hayapokelewe kwa jina la kompani. Anayelalamika ni mutu mwenyewe anayeweza kutambulikana kwa sura, kwa sauti, kwa jina lake kamili ao kwa namba ya karatasi zake. Mwingine anaweza kusema kwa ajili yake mu hali chache tu, kama muzazi kwa mutoto wake. Imeli haikutupa jina, lakini dakika ya 4 ilitosha: hapo ndugu yetu mumoja anaonyesha buletini yake ya mushahara na kusema jina lake kwa sauti. Tukamupigia telefone. Akajibu: «Bandugu, ni mimi. Nilipata kazi fasi ingine. Bakiona ile, banifukuza. Niliwaita mara tatu, hamukupokea.»

Tukanyamaza. Alikuwa na haki.

Sasa tuelewane juu ya yale masaa 48. Mu muda ule YouTube haijakata neno. Inakuachia wewe mwenye kuweka video nafasi ya kutengeneza. Ukitosha kile mutu anacholalamikia, dosie inafungwa na video inabakia. Ukiacha saa zipite, watu wao wanaangalia wenyewe: huyu anatambulikana kweli? Alikubali kupigwa? Watu wote wako na lazima ya kujua habari hii? Wakiona amekosewa, wanaweza kuondoa video yote. Basi sekonde 50 zingetukosesha dakika 11.

Mumoja wetu alitoa shauri la kuiweka «Privée», tuifungue tena kisha. Hapana. YouTube haihesabu hiyo kama kutengeneza, kwa sababu unaweza kuirudisha wazi siku yoyote.

Telefone peke yake haikutufikisha, juu kazi hii inafanyika kwa ordinatere. Tulikimbia mu siber. Tukaingia YouTube Studio, tukachagua video, kisha «Éditeur». Mule mna njia mbili: kufunika sura ao kitu kwa ukungu, ao kukata kipande. Ukungu unafunika picha tu, sauti inabakia. Kwa kuwa ndugu alisema jina lake, tulikata zile sekonde 50. Ukikata vile, adrese ya video haibadilike, na hesabu ya walioitazama inabakia. Lakini video ikipita watazamaji 100.000, na shene yako haiko mu programu ya YouTube ya kulipa, inaweza kukukatalia yote isipokuwa kufunika sura.

Chunga tena: ukisha kurekodi, mashini yao inachukua muda, na watu wanaendelea kuona video ya zamani mpaka mpya iishe. Njo maana usingojee saa ya mwisho.

Tulizania tumemaliza. Kumbe jina lake lilikuwa pia mu maandishi chini ya video, na sura yake kwa picha ya mbele. Hizo hazikatwe pamoja na kipande, unazibadilisha moja moja. Saa kumi na moja tulifungua video kwa telefone ya mutu mwingine. Ndugu yetu hakuonekana tena, lakini madai ya mushahara yalikuwa yote mule.

Tunawaomba viongozi wa kila sendika: watu wawili wafungue imeli kila siku, hata siku ya yenga. Na mbele ya kupiga, muulize mutu, mufunike jina kwa buletini. Ninyi familia, mukiona wenu mu video inayomuhatarisha, mumuite kwanza aliyeiweka. Asipojibu, yeye mwenyewe alalamike na aandike dakika kamili anapoonekana.

Video yetu ni ya kuonyesha deni ya kompani. Haiko ya kumunyanganya ndugu mukate.