Weka kisu chini, friza haichokonolewi!

Leo tunaacha mambo ya mapenzi na viwalo, tunaingia jikoni. Msicheke! Wengi wenu mmepanga chumba na sebule, mna friza imekaa pembeni inaunguruma usiku kucha, na ukutani kule ndani pameota barafu nyeupe nene kama godoro. Kila Jumapili mtu anachukua kisu, anaanza kugonga. Kabla hujagonga tena, nisikilize kwanza.

Naongelea zile friza za kawaida, ambazo mwenyewe ndiye unayeziyeyusha. Ziko friji za kisasa ambazo ndani zina feni na kihita kidogo, zinayeyusha barafu zenyewe bila wewe kujua. Hizo leo hazituhusu. Tunaongelea hizi za kwetu ambazo hazina feni, ukuta wa nyuma ni bati au plastiki, basi.

Swali la kwanza ambalo watu hukosea ni hili: ile barafu inatoka wapi? Wengi wanadhani friza inavuja, au gesi imezidi. Hapana. Ile barafu umeiingiza wewe mwenyewe kwa kupitia mlangoni. Nyuma ya ule ukuta kuna mabomba membamba ambamo gesi inapita ikiwa na baridi kali kuliko sehemu nyingine yoyote ya ndani. Hewa yetu ya mjini ina mvuke mwingi wa maji, ndiyo maana chupa ya soda baridi ukiiweka mezani inatoka jasho. Ukifungua friza, baridi inamwagika chini miguuni kwako, hewa ya joto yenye mvuke inaingia kuchukua nafasi. Ukifunga, ule mvuke unatafuta pa kukaa, na unakaa pale penye baridi kuliko pote, yaani ukutani nyuma. Hauwi hata maji, unaganda moja kwa moja kuwa chembe nyeupe.

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Kuna dada mmoja jirani yangu kule Mwananyamala, anauza maji na juisi ya ukwaju ya chupa. Friza yake ni ya kusimama, ndani ina ujazo wa lita 150 hivi. Hewa ya kujaza nafasi hiyo, siku ya joto la Dar, inabeba kama gramu 3 za maji. Kidogo sana, siyo? Lakini yeye mlango wake unafunguliwa si chini ya mara 40 kwa siku. Hata tukisema kila mara inabadilika nusu tu ya hewa, ni gramu 60 kwa siku. Kwa mwezi unakaribia kilo 2 za barafu, zote zimetokea hewani! Bado hujahesabu sufuria ya mchuzi iliyoingizwa ya moto bila kifuniko.

Sasa, ubaya wake nini? Ile barafu ukiitazama vizuri si ngumu kama jiwe la barafu, ina hewa ndani yake, imeumuka kama andazi. Kwa hiyo inafanya kazi ya blanketi. Baridi iko nyuma ya ukuta, vitu viko mbele, katikati kuna blanketi. Kompresa inahangaika, haipumziki, na juisi bado haigandi. Dada yangu huyu aliniambia, "Mdogo wangu, umeme nilionunua ulikuwa unanifikisha mwisho wa mwezi, siku hizi tarehe 20 LUKU inalia." Nikamwomba nione friza. Kufungua, ukutani kuna ganda la sentimita nzima. Mafundi wanashauri uyeyushe likifika nusu sentimita tu, yaani unene wa penseli hivi. Yeye alishapita mara mbili.

Na kisu alikuwa nacho mkononi! Nikamwambia, dada, weka chini hicho. Yale mabomba ya nyuma mara nyingi ni ya alumini, laini mno, na yako karibu kabisa na uso wa ukuta. Ncha ya kisu ikipenya, unasikia "tsssss", na hiyo ndiyo sauti ya friza inakata roho. Gesi inatoka, unyevu unaingia ndani ya mabomba, na kwa kuwa mabomba yenyewe yamefukiwa ndani ya ukuta, fundi hana pa kuchomelea. Nyuma ya nyumba ninayokaa kuna mshikaji mmoja yalimkuta hayo, friza yake leo ni kabati la nguo. Tena si hasara tu. Soma ile karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma au ndani ya friza yako. Ukikuta R600a, ujue hiyo gesi inawaka moto. Ikitoboka usiwashe kiberiti wala sigara, usiguse swichi yoyote, fungua milango na madirisha, wote mtoke nje mpaka hewa ibadilike.

Kwa sababu hiyo hiyo, jiko la mkaa au la mafuta ya taa halikaribishwi mbele ya friza. Plastiki ya ndani inapinda, na moto na gesi hiyo si marafiki. Mashine ya kukausha nywele nayo iache saluni. Maji yanachuruzika, sakafu imelowa, wewe umeshika kitu cha umeme, hapo unachezea uhai.

Basi twende na namna tulivyofanya na dada siku ya Jumapili. Kwanza alisubiri siku ambayo mzigo umepungua. Chupa zilizobaki na kuku wawili waliogandishwa vikaingia kwenye deli, vimebanwa pamoja bila nafasi ya hewa, tukafunika deli kwa blanketi. Vitu vilivyobanana hukaa na baridi yake muda mrefu kuliko kimoja kimoja.

Saa nne asubuhi tukachomoa plagi. Si kuzima swichi tu, kuchomoa kabisa, na waya tukauweka juu mbali na maji. Hata umeme ukiwa umekatika chomoa, maana hautapiga hodi ukirudi. Rafu zinazotoka tukazitoa. Tukatandika mataulo chini mlangoni, na beseni pana likakaa kwenye sakafu ya ndani ya friza kudaka maji.

Halafu ndiyo ikaja silaha yenyewe, sufuria ya maji ya moto. Maji yawe yanatoa mvuke, lakini sufuria usiiweke moja kwa moja juu ya plastiki wala rafu ya kioo, plastiki itapinda na kioo kitapasuka. Tuliweka kipande cha ubao, juu yake taulo iliyokunjwa, ndipo sufuria ya lita 2. Tukafunga mlango. Kila baada ya robo saa tulibadilisha maji. Mvuke ule unapanda, unalamba barafu, na barafu inaachia kuanzia pale iliposhikana na ukuta.

Hapo ndipo uvumilivu unapolipa. Saa tano kasoro, mabamba ya barafu yalianza kuanguka yenyewe bila kuguswa na mtu. Lililolegea unaweza kulisukuma taratibu kwa mwiko wa mti au kwa kiganja. Likigoma, usishindane nalo, leta sufuria nyingine. Ilipofika saa sita kasorobo ukuta ulikuwa mtupu, na kwenye beseni tukapima maji karibu lita 2. Dada akabaki mdomo wazi, "Yote haya yalikuwa ukutani?" Ndiyo, dada, na yote yalipita mlangoni.

Tukaosha ndani kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha tukakausha ukuta kwa kitambaa mpaka ukawa mkavu kabisa. Usipuuze hilo. Tone utakaloliacha ndilo litakuwa la kwanza kuganda. Tukachomeka plagi, mlango ukafungwa, na friza tukaiacha tupu ivute baridi yake kama saa tatu hivi kabla ya kurudisha vitu. Kuku walikuwa bado wana chembe za barafu, wakarudi kugandishwa. Wangekuwa wamelainika lakini bado wa baridi kama wa kwenye friji, ningemwambia awapike siku hiyo hiyo. Nyama iliyoshapoteza baridi kwa zaidi ya saa mbili, jamani, msiionee huruma, itupeni.

Kazi haikuishia hapo, maana kuyeyusha bila kuziba njia ya mvuke ni kufagia huku mtu anamwaga taka. Tukapima mpira wa mlango. Chukua noti, ifungie mlangoni nusu iwe nje, kisha ivute. Inatakiwa igome. Fanya hivyo pande zote nne. Kwa dada, noti ilitoka kama imepakwa mafuta kwenye kona ya juu. Mpira ulikuwa na uchafu wa juisi na umejikunja. Tukausafisha kwa sabuni, tukaukanda kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto mpaka ukalainika na kurudi kwenye umbo lake. Ukikuta umechanika, huo ni wa kubadilisha. Na zile chupa za kuuza mchana nilimwambia azihamishie kwenye deli kila asubuhi, friza ifunguliwe mara nne au tano tu kwa siku badala ya 40.

Sasa nyie mtakaorudi nyumbani kukagua, angalieni barafu imekaaje, maana inasema. Ikiwa imetanda ukuta mzima sawasawa, ni mambo ya mlango kufunguliwa mno na vyakula vya moto au visivyofunikwa. Ikiwa imerundikana karibu na ukingo wa mlango, au kona moja tu, ni mpira. Lakini ukikuta barafu imeganda kipande kimoja tu cha ukuta, kwingine kote pakavu, na kompresa hailali usiku na mchana, hapo hata uyeyushe mara mia utapoteza muda. Huenda gesi imepungua, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake, si ya sufuria ya maji ya moto.

Mwenye friza nusu sentimita ya barafu, Jumapili yako imeshapata kazi.