Ada ya kazi ya meli si mtaji

Mfanyabiashara wa Mombasa anayeombwa mkopo ili kijana wa nduguye alipe ada ya kazi kwenye meli ya watalii, aanze na hesabu ya mkataba.

Mikataba ya wahudumu wa meli hizo kwa kawaida ni ya miezi 6 hadi 9. Kisha mtu hurudi nyumbani, na mara nyingi halipwi mpaka aitwe tena. Tuseme mshahara ni dola 600 kwa mwezi, mkataba miezi 8, mapumziko miezi 2. Hizo ni dola 4,800 za miezi 10, yaani dola 480 kwa mwezi. Wakala akidai dola 1,500, amekula mapato ya zaidi ya miezi mitatu, na riba bado.

Tena ada hiyo imekatazwa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, hauruhusu baharia kutozwa fedha za kutafutiwa kazi, hata zikiitwa usajili. Mpishi na mtandika vitanda wa melini ni mabaharia pia. Wao hulipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Viza, na nauli ya kurudi mkataba ukiisha, ni juu ya mwenye meli.

Wakala anayetaka fedha kabla ya kuonyesha mkataba wenye jina la mwenye meli, mshahara na muda, leseni yake iulizwe kwanza kwa mamlaka ya bahari, KMA. Hadi hapo, fedha ibaki dukani.