Ukikosea hesabu kwenye usaili, sahihisha kwa barua moja

Chukua mfano wa kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi ya kupokea mzigo kwa mfanyabiashara wa nafaka Tandale, Dar es Salaam. Anaulizwa: mahindi kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18 yakianikwa hadi asilimia 13, yatabaki kilo ngapi? Anajibu haraka kuwa ni kilo 95. Akiwa kituo cha daladala anagundua kuwa amekosea.

Kosa hilo ni la kawaida. Wengi hutoa 13 kwenye 18 na kudhani zimepungua kilo tano. Lakini kinachopungua ni maji tu. Katika kilo 100 za mwanzo, kitu kikavu ni kilo 82. Mahindi yakishakauka, kilo hizo 82 ndizo asilimia 87 ya mzigo. Ukigawanya 82 kwa 0.87 unapata kilo 94.25. Kwa gunia moja tofauti ni ndogo, lakini kwa magunia 200 ni karibu kilo 150. Tajiri aliyepanga bei kwa jibu la kijana atapoteza gunia moja na nusu kabla hajauza.

Kwa sababu hiyo, barua pepe ya shukrani hapa ina kazi zaidi ya adabu. Itumwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, kabla uamuzi haujafanyika. Iwe fupi, kama hivi:

“Ndugu Meneja, nashukuru kwa usaili wa leo. Nilipoulizwa uzito wa mahindi baada ya kukauka nilijibu kilo 95. Jibu sahihi ni kilo 94.25, kwa kuwa kilo 82 za kitu kikavu hugawanywa kwa 0.87. Bado naihitaji kazi hii, na nipo tayari kwa maswali zaidi.”

Barua hiyo inataja kosa, inaweka jibu na inaonyesha njia. Haisingizii joto wala woga. Wanaoharibu ni wale wanaoomba radhi mara tatu, au wanaojibu upya kila swali hadi mwajiri aanze kutilia shaka hata majibu yaliyokuwa mazuri.

Si kila jibu baya linastahili kusahihishwa. Kipimo ni kimoja: je, mwajiri akilifuata atapata hasara? Kama ulisitasita tu lakini ulichosema kilikuwa sahihi, shukuru na unyamaze. Tena, pale ambapo usaili unatolewa alama papo hapo, kama kwenye mitihani ya ajira za serikali, barua haitarajiwi kubadilisha alama hizo.

Hata kwa tajiri wa sokoni barua haihakikishi ajira. Lakini atakayekabidhiwa mizani na daftari la mzigo atakosea siku moja. Mwenye ghala anahitaji kujua mapema kama mtu huyo atasema mwenyewe, au atasubiri magunia yahesabiwe.