Jina kukosekana si cheti cha usafi

Kampuni isiyojulikana inapopewa kibali cha dhahabu ao cha mafuta mashariki mwa Congo, wako wanaoharakisha kuandika jina lake katika offshoreleaks.icij.org. Jina likionekana, wanasema mwizi amepatikana. Lisipoonekana, wanasema kampuni ni safi. Majibu yote mawili ni ya haraka mno.

Ukurasa huo ni wa ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi. Ulifunguliwa mwaka wa 2013, na kila mutu anaweza kutafuta ndani bila kulipa. Una majina ya kampuni zaidi ya 800.000 zilizoandikishwa katika inchi zinazoficha wenye mali, yaliyotoka katika karatasi zilizovuja kama Panama Papers na Pandora Papers.

Mufano mzuri uko Ituri. Mwaka wa 2010, rais Joseph Kabila alitia sahihi amri iliyopatia kampuni mbili, Caprikat na Foxwhelp, vitalu vya kwanza na vya pili vya mafuta upande wa Ziwa Albert. Kampuni ya Tullow, iliyokuwa na kontra ya vitalu hivyo tangu 2006, ikaachwa inje. Hizo mbili zilikuwa zimeandikishwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ambako majina ya wenye kampuni hayatangazwi. Raiya wa Bunia hawakuwa na ofisi ya kuuliza: ni nani hasa?

Panama Papers zilipotoka mwaka wa 2016, jibu moja lilipatikana. Karatasi za ofisi ya Mossack Fonseca zilionyesha kwamba Khulubuse Zuma, mtoto wa ndugu ya rais wa Afrika Kusini wa wakati ule, aliruhusiwa kuwakilisha Caprikat. Lakini neno hapo ni "kuwakilisha", si "kumiliki". Yeye alikana kosa lolote. Mwezi wa 12 mwaka wa 2017, wizara ya feza ya Amerika iliweka Caprikat na Foxwhelp kwenye orodha ya vikwazo kama kampuni zinazofungamana na Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli, ambaye naye anakana kosa. Mutu aliyeishia kwenye jina la kwanza alibeba nusu ya habari.

Kwa hiyo namna ya kutafuta ni muhimu. Kwanza, mutu aandike neno kubwa la jina peke yake, bila "Limited" ao "SARL", kwani maneno hayo huandikwa kwa namna nyingi. Kisha asome tarehe ya kuandikishwa, inchi, anwani na ofisi iliyotengeneza kampuni, alinganishe na kontra ao karatasi za RCCM. Kampuni mbili tofauti zinaweza kubeba jina moja katika visiwa viwili. Kama hakuna kingine kinacholingana zaidi ya jina, bado hakuna kitu. Mwishoni aangalie neno linalounganisha mutu na kampuni: "Shareholder" ni mwenye hisa, "Director" ni mkurugenzi. Na mara nyingi mkurugenzi huyo ni mtu wa kukodishwa, anayesaini kwa niaba ya kampuni nyingi asizozijua.

Kuchagua inchi pia kunadanganya. Ukurasa unafuata anwani iliyoandikwa, si mahali kampuni inapochimba. Mwenye kibali cha Ituri aliyetoa anwani ya London atahesabiwa Uingereza, na anayechagua Congo peke yake hatamwona.

Na wakati unapita. Habari za Panama Papers zinaishia 2015. Kampuni iliyoundwa baadaye haiwezi kuwa ndani ya karatasi hizo. Tena ICIJ haikuweka pale barua, akaunti za banki wala feza zilizotumwa. Congo Hold-up, uvujaji mkubwa wa karatasi za banki ya BGFI uliotangazwa mwaka wa 2021, ulipitia mikono mingine, na anayetafuta katika ukurasa huu peke yake hataukuta.

ICIJ yenyewe inaonya kwamba kuwa na kampuni ya inje si kosa mbele ya sheria. Kwa hiyo kuonekana kwa jina ni sababu ya kuuliza serikali: nani anapokea faida, na kontra iko wapi? Ripoti za ITIE, zinazopaswa kutaja wenye kampuni za madini na mafuta, ndizo za kulinganisha na kile kilichovuja.

Kwa raiya wa Ituri swali hilo si la karatasi. Vitalu vile vilikaa miaka zaidi ya kumi mikononi mwa kampuni hizo, na hakuna pipa hata moja la mafuta lililouzwa kutoka pale. Mwenye kibali asipojulikana, hakuna wa kudaiwa.