Toa KCPE kwa Hiyo CV

Wasee wa Keringet, nikasirikieni tu, lakini ile sampuli ya CV ya saiba ndiyo inawanyima simu. Inaanza na jina, dini, hali ya ndoa, nambari ya kitambulisho, kisha "lengo langu ni kufanya kazi kwa bidii". Nusu ukurasa imeisha na bado hujasema umewahi kufanya nini! Na dini ni ya nini? Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kukubagua kwa dini au kabila, hata kabla hajakuajiri. Mbona umpelekee mwenyewe?

Binamu yangu amemaliza shahada ya mifugo Egerton, pale Njoro. CV yake ilikuwa kurasa 3, na bado ananiambia hana uzoefu. Hana aje? Alifanya atachimenti wiki 12 kwa ushirika wa maziwa, akaandika "nilijifunza mambo mengi". Nikamuuliza, asubuhi ulikuwa unafanya nini hasa? Jibu lake ndilo tuliandika: "Nilipima maziwa ya wakulima 40 kila asubuhi kwa laktomita na kuandika kilo kwenye daftari." Sasa mtu ana kitu cha kumuuliza. Laktomita ikisoma chini ya kawaida, unashuku nini? Maziwa yametiwa maji. Huwezi kujibu hilo kama uliiba sentensi ya mwenzako.

Halafu kuna viazi vya baba yake. Hiyo hakuiweka kabisa, eti hakulipwa. Tukaweka: "Hesabu za shamba la familia, misimu 2: magunia 60 ya kilo 50, gharama na mauzo." Tuliacha neno familia wazi. Kujiita meneja wa kampuni ya baba ni uongo, na unashikwa kwa swali la pili.

Ukurasa wenyewe ukakaa hivi. Juu kabisa jina, simu, barua pepe na mji, mistari 2 tu. Atachimenti ikafuata, kisha shamba, ndiyo masomo yakaja: shahada kwanza, KCSE chini yake. KCPE ikaenda nyumbani, maana mwenye shahada hahitaji kuthibitisha alimaliza darasa la nane. Mwisho wadhamini 2 ambao wamekubali kupigiwa.

Ikizidi ukurasa kwa mistari 3, usipunguze herufi hadi 8. Acha 11, kata maneno. Kisha ichape na uikunje katikati. Nusu ya juu ikiwa haina kitendo hata kimoja ulichofanya kwa mikono yako, rudi uanze upya.

Kazi za kaunti ni kando kidogo. Tangazo likitaka nakala ya kitambulisho na vyeti, ambatisha. Hiyo haimaanishi kuvinakili ndani ya CV, bana. Na ukimaliza, itume kama PDF, juu ile ya Word ikifunguliwa kwa simu ya mtu mistari inaruka ovyo.