Wakikosa Vipande, Wanachapa Kadi

Mtanisamehe ukimya, shifti zimenibana. Leo nina hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya kadi.

Mdau mmoja aliniandikia baada ya ile habari yangu ya kuhamishwa kutoka kubeba boksi kwenda kuzungusha kreti kiwandani. Alisema, "Kaka, hizo kadi za kanbani ni janja ya Wajapani ya kuwachunga wafanyakazi. Mambo si ndiyo yale yale ya kubeba boksi?" Nilicheka. Halafu nikaona kwamba mabosi wangu wanafikiri karibu kama yeye. Yeye anaona kadi ni kiboko cha kumchapia mfanyakazi, wao wanaona ni panadoli. Laini ikikosa vipande, wanachapa kadi nyingine. Ikikosa tena, wanachapa tena. Hili ndilo ninalolipinga, na nalipinga kwa hesabu, maana kelele tu nimeshapiga na hazikusaidia.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: kiwanda chetu kiko Uingereza ya kati. Kuna mashine ya presi inayokata na kukunja vipande vya chuma, na kuna laini inayoviunganisha. Kila kreti ina vipande 30 na kadi moja. Mfungaji wa laini akichukua kipande cha kwanza tu kwenye kreti, anaitoa kadi na kuitia kwenye kisanduku. Mimi napita na kitoroli kila baada ya dakika 30, nakusanya kadi na kuzipeleka kwenye ubao ulio kwenye presi. Presi hairuhusiwi kutengeneza bila kadi. Ikitengeneza, kadi inabandikwa kwenye kreti mpya nami nairudisha kwenye laini. Basi. Kwa hiyo idadi ya kadi ndiyo idadi ya juu kabisa ya kreti zilizojaa zinazoweza kuwepo. Ukichapa kadi umeagiza mzigo, hata kama hujui.

Mfumo huu waliukuza Toyota chini ya Taiichi Ohno, ambaye wazo alilipata kwa namna supamaketi za Wamarekani zinavyojaza rafu: mteja akichukua, ndipo unajaza. Na hesabu ya kadi haina siri, iko hadharani tangu watu wa Toyota walipoiandika kwenye makala yao ya mwaka 1977:

```
N = D x L x (1 + a) / C
```

N ni idadi ya kadi. D ni vipande vinavyotumika kwa dakika. C ni vipande kwenye kreti moja. Ile a ni nyongeza ya tahadhari. L ni muda ambao kadi inatumia tangu ilipotolewa kwenye kreti hadi irudi kwenye laini ikiwa na kreti iliyojaa. Ugomvi wangu wote uko kwenye hiyo L.

Bwana wa ofisini alikaa na leptopu yake akatuhesabia. Laini inatumia kipande kimoja kwa dakika, hilo sahihi. Kreti 30, sahihi. Kisha akasema: presi inatumia dakika 5 kujaza kreti, kwenda dakika 5, kurudi dakika 5, tuongeze nusu saa ya bahati mbaya, jumla dakika 45. Mara 1 mara 1.1 gawanya kwa 30, akapata 1.65. Kadi 2! Alijiona mkarimu akatupa 3. Siku ya kwanza laini ilisimama kabla ya chai.

Kosa ni kwamba alihesabu muda ambao kadi inafanyiwa kazi, akasahau muda ambao kadi inakaa tu. Na kadi, ndugu zangu, kazi yake kubwa ni kukaa. Mimi nilichukua kadi moja, nikaiwekea alama ya wino mwekundu pembeni, nikaifuata siku nne na saa yangu ya mkononi. (Supavaiza alidhani nimechanganyikiwa.) Kwenye kisanduku cha laini inaweza kungoja dakika 30 kamili kama imetiwa nikiwa nimepita sasa hivi. Safari ya kwenda presi, 5. Kujaza kreti, 5. Kreti inaningoja tena hadi dakika 30. Kurudi, 5.

Lakini pale kwenye ubao ndiko kwenye mambo. Presi yetu inatengeneza aina tatu za vipande, zote zinatumika kwa kasi ile ile. Kubadilisha kalibu kunakula dakika 20. Huwezi kubadilisha kalibu kwa kila kadi, utashinda unafungua na kufunga nati tu. Mzee wa Kipunjabi anayeendesha presi, sote tunamwita anko, anasubiri kadi 5 za aina moja ndipo anabadili. Si uvivu, ni hesabu. Kreti 5 mara dakika 5 ni dakika 25, na kalibu 20, jumla 45. Mara aina tatu, dakika 135. Katika muda wa dakika 150 laini inatumia kreti 5 za kila aina, kwa hiyo anko anabakiwa na dakika 15 za kupumua. Angefanya kreti 4 kwa zamu, presi ingehitaji dakika 120 na laini ingemaliza zile kreti kwa dakika 120 hizo hizo. Hapo kalibu ikigoma mara moja tu, kwisha habari yetu.

Maana yake kadi iliyofika ubaoni wakati zamu ya aina yake imeshaanza inangoja karibu mzunguko mzima, dakika 150. Sasa jumlisha: 30 na 5 na 150 na 5 na 30 na 5. Ni dakika 225, na si 45. Mara 1.1 ni 247.5, gawanya kwa 30, ni 8.25. Kadi haikatwi vipande, kwa hiyo 9.

Je, walichapa 9? Hata kidogo! Baada ya laini kusimama waliongeza 2. Ikasimama, wakaongeza 2. Walivuka 9 bila hata kuiona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu, walikuwa wanaogopa. Kufikia mwisho wa mwaka kila aina ilikuwa na kadi 24. Kreti zimepangwa hadi kwenye njia ya fokolifti, mimi napita ubavu ubavu kama kaa.

Hapo utaniambia, kaka, shida iko wapi, si angalau laini haisimami? Nitakueleza. Kreti 24 za vipande 30 ni vipande 720, laini inatumia 450 kwa shifti moja ya dakika 450. Kipande kilichotengenezwa leo kinafungwa kesho. Siku moja kalibu ya aina ya pili ilipata ufa mdogo ikaanza kuacha ukingo mkali kwenye kila kipande. Presi haikuona. Ukingo huo uligunduliwa na vidole vya mfungaji, shifti iliyofuata. Wakati huo kulikuwa na kreti 17 zenye ubovu ule ule, vipande 510, na watu wanne tulikaa Jumamosi tunavichambua kimoja kimoja kwa glovu. Kwa kadi 9 kusingekuwa na pa kuweka zaidi ya vipande 270 vya aina ile kwa jumla, vizuri na vibovu, ukiacha kreti iliyokwisha kufunguliwa.

Na kadi zikijaa ubaoni, anko naye anabadilika. Anapimwa kwa vipande kwa saa. Akiona kadi 12 za aina moja zimening'inia, anazipiga zote ili asiguse kalibu. Aina nyingine mbili zinangoja zaidi, mzunguko unarefuka kupita zile dakika 150. Yaani kadi walizoongeza kuponya L zimeirefusha L. Kisha ofisi inapima upya na kusema, mnaona, tulihitaji kadi nyingi!

Kuna na ujinga wa upande wa pili, nisije nikaonekana nawapenda wabana matumizi. Meneja alipita na wageni, akaona aibu ya mzigo, akaamuru kadi zikatwe nusu kufikia Ijumaa. Huwezi kukata kadi kwa amri. Kata muda, kadi zitajikata. Tulipokaa na anko na fundi Mpolandi, tukaweka nati za aina moja, kalibu ya zamu inayofuata ikaletwa pembeni kabla presi haijasimama, kubadilisha kukashuka kutoka dakika 20 hadi 10. Sasa kreti 3 kwa zamu zinatosha: 10 na 15 ni 25, mara tatu 75, na laini inatumia kreti 3 kwa dakika 90. Kungoja ubaoni kukawa 90 badala ya 150. L ikawa 165, hesabu ikatoa 6.05. Fundi alitaka 6, mimi nikang'ang'ania 7, tukaanza na 7.

Kuhusu ile a ya asilimia 10: ile si bima ya kila kitu. Inafunika mtikisiko mdogo, kipande kibovu hapa, kuchelewa kwa kitoroli pale. Mteja akipandisha oda kwa theluthi, hiyo ni D mpya, kaa chini uhesabu upya. Na kadi zikipotea usichape nyingine kabla ya kuhesabu zilizopo. Tulipohesabu zile 24 za aina ya kwanza tulizipata 19; mbili zilikuwa kwenye mfuko wa koti la mtu aliye likizo.

Sasa hivi tunafanya hivi. Kila nikifika kwenye laini naandika kreti zilizojaa nilizozikuta kabla sijashusha mpya. Kama wiki mbili mfululizo idadi ya chini kabisa haijashuka chini ya 2, natoa kadi moja, naiandika tarehe nyuma, naiweka kwenye droo ya supavaiza. Nikikuta sifuri, hatuchapi kitu. Tunaifuata kadi ya wino mwekundu tuone imekaa wapi zaidi ya kawaida. Mara ya mwisho ilikuwa imekaa kwangu: nilikuwa nimekwama kwenye lifti ya mizigo dakika 40.

Ofisi bado ina rimu mbili za karatasi za rangi ya njano za kuchapia kadi. Nimeomba wazifungie kabatini. Hawajajibu.